Kahawa ya Kopo na Mkono wa Fundi

Bi Haraka hakuzaliwa na jina hilo. Alipachikwa na wifi yake wiki ya kwanza tu ya ndoa, kwa sababu, jamani, yule mwanamke alikuwa hajui kungoja kitu kichemke. Wali kwake ulikuwa umeiva ukiwa bado una kiini. Chai aliitia majani kabla maji hayajapata moto. Lakini moyo wake ulikuwa mkubwa, na hilo hata wifi yake, mwenye ulimi wa wembe, hakulipinga.

Alikaa na baba mkwe wake, kwa kuwa mume alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu na nyumbani alionekana kama mgeni. Mzee alikuwa fundi wa saa. Chumba cha mbele, kile kinachotazama barabara, ndicho kilichokuwa karakana yake: meza moja, taa yenye shingo ndefu, vibano vya kushikia vitu vidogo, na droo iliyojaa saa za watu. Kila mtu mtaani alimwita Fundi, hata mtoto wake wa kumzaa.

Na Fundi alikuwa mtu wa kahawa. Si hii ya kopo, inayoyeyuka ukiimwagia maji. Ya kusaga, iliyochemshwa kwenye sufuria dogo lililoachwa na marehemu mkewe, nyeusi tii, haijui sukari wala maziwa. Asubuhi kikombe, kabla ya mchana kingine, na mpaka anafunga karakana jioni ungekuwa umechoka kuhesabu. Kahawa ya kopo aliiita maji ya kuoshea masufuria, na alisema hivyo hata mbele ya wageni walioinywa.

Kisha mikono ikaanza. Mwanzo ilikuwa kidogo, kikombe kikigonga kisahani: ti-ti-ti. Baadaye skrubu ndogo kuliko mbegu ya ufuta ikaanza kumponyoka kwenye kibano, na Fundi akawa anapiga magoti sakafuni akiitafuta kwa tochi huku akiilaani taa. Daktari alimpima, akamwambia bila kumung'unya maneno: "Mzee, mikono hii ina mtetemeko wa umri, na kafeini ya kahawa inauchochea. Punguza. Usiache ghafla, utaumwa kichwa. Punguza tu." Fundi alishukuru kwa adabu zote, na ushauri ule akauacha pale pale mlangoni mwa zahanati.

Wakati huo ndipo mwalimu mmoja mstaafu alipoleta saa ya mkononi ya marehemu mumewe. Mafundi wengine walikuwa wameshamwambia aitupe. Mwanawe wa mwisho alikuwa anaoa, na alitaka aivae siku hiyo ikiwa inatembea. Fundi aliifungua, akaitazama kwa lenzi yake ya jichoni, akasema itapona. Mwalimu alipoondoka, akamgeukia mkwewe.

"Mwanangu, hii ina kigurudumu chembamba sana, kile kinachochezacheza katikati. Nikikivunja hakipatikani tena. Nikishindwa hii, nafunga karakana. Sitakaa hapa niharibu vitu vya watu."

Alisema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba anaagiza chumvi. Lakini Bi Haraka alimwelewa vizuri. Mzee bila meza ile angekaa tu nyumbani afanye nini? Angekonda mbele ya macho yao. Usingizi haukumjia vizuri, na kulipopambazuka alikuwa na mpango. Angemwekea kahawa ya kopo bila kumwambia. Alikuwa amesikia kwamba ya kopo ina kafeini pungufu. Na tena nafuu! Kopo moja linatoa vikombe chungu nzima, wakati pakiti ya kusaga kwa mkono wa Fundi haikuwa ikimaliza wiki.

"Baba, kuanzia leo kahawa nachemsha mimi," akasema. "Wewe shughulika na saa zako."

"Wewe? Uchemshe kitu?" Fundi akacheka mpaka lenzi ikamdondoka. Lakini akakubali.

Kijiko kimoja kwa kikombe, kama kopo lilivyoelekeza. Bi Haraka alikichungulia kikombe, akaguna. Ilikuwa hudhurungi, unaona mpaka chini. Mzee angejua papo hapo! Akaongeza cha pili, kikiwa na kilima. Bado. Akaongeza cha tatu, ndipo ikawa nyeusi kama ile ya siku zote, na maji aliyamwaga yakiwa yanatokota, maana kungoja yatulie tunajua hakuweza. Kisha, msimcheke, akachota mashapo ya kahawa ya jana, yale yanayobaki chini ya sufuria, akatia kidogo kikombeni. Kahawa ya kopo haiachi mashapo, na Fundi alikuwa mtu wa kutazama vitu vidogo.

Mzee akanywa. Akakunja uso, akaukunjua. "Asante, mwanangu," akasema, akarudi kazini.

Bi Haraka nusura apige vigelegele jikoni. Bakuli la mashapo akalificha nyuma ya unga, na akaendelea hivyo hivyo kila kikombe, kila siku.

Lakini mikono haikupungua. Ilizidi! Kikombe sasa kilikuwa kinaimba juu ya kisahani. Na lililomtia wasiwasi zaidi, Fundi alianza kupokea kazi asizopokea zamani, saa za ukutani, saa za plastiki za watoto, hata redio. Droo ikafurika. Saa ya mwalimu ilikaa peke yake chini ya kitambaa, na mzee alikuwa akikifunua kitambaa, anaitazama, anakifunika tena. Harusi ilikuwa inasogea.

Wifi ndiye aliyemfumania. Alikuwa mpishi wa chakula cha asubuhi katika nyumba ya wageni, na alipita siku yake ya mapumziko kumjulia hali baba. Aliingia jikoni wakati kijiko cha tatu kiko hewani.

"We! Unamnywesha mzee au unatengeneza lami?"

"Shh! Atasikia!" Bi Haraka akafunga mlango, akamweleza yote kwa pumzi moja, mpaka mashapo. Wifi alicheka hadi akashika meza. Kisha akaacha kucheka.

"Wifi yangu, sikiliza. Kijiko kimoja cha kopo, ndiyo, kafeini yake ni ndogo kuliko kikombe cha kusaga. Vijiko vitatu vya kilima umemzidishia. Ulikuwa unamkimbiza mbio kuliko alivyokuwa anajikimbiza mwenyewe. Na hiyo nafuu yako iko wapi? Hili ni kopo la ngapi?"

Bi Haraka alikirudisha kijiko koponi. Aliona mikono ile, kigurudumu kile, kitambaa kile. Akakaa juu ya ndoo. "Nimemmaliza baba wa watu kwa mikono yangu mwenyewe," akasema, na machozi yakamtoka.

"Hujammaliza mtu. Simama nikuonyeshe."

Wifi akachukua kijiko kikavu. "Kikavu, maana unyevu ukiingia koponi kahawa inashikana na ladha inakwenda. Kifuniko ukibane, na usiliweke karibu na jiko." Akatia kijiko kimoja, cha kusawazisha, akaongeza maji baridi kidogo na kukoroga mpaka ukawa uji laini usio na madonge. Kisha akaipua birika na kulikalisha kando.

"Tunangoja nini?" akauliza Bi Haraka.

"Tunangoja! Maji yanayotokota yanaitia uchungu. Yaache yatulie kidogo." Alipomimina, akadondoshea chembe za chumvi, chache kiasi cha kutoonekana. "Hii inavunja uchungu. Ukiionja chumvi, umezidisha. Anayetaka, maziwa ya moto yanaipa mwili. Lakini nisikudanganye, haitafika kwenye ile ya kusaga. Harufu ya ile huwezi kuipata kwenye kopo."

Bi Haraka akaonja. Ilikuwa kahawa. Nyepesi, lakini haikuwa tena ile dawa ya mchwa aliyokuwa akimpa mzee.

"Sasa mpelekee," akasema wifi. "Na umwambie."

Alitamani ardhi ipasuke. Hata hivyo alikwenda, akaweka kikombe mezani, akapiga magoti, akasema. Vijiko. Mashapo. Kafeini. Hakubakisha kitu. Fundi alivua lenzi yake taratibu.

"Mwanangu, hiyo ya kopo niliijua siku ya kwanza."

"Ulijua?"

"Kahawa ikichemka katika nyumba hii, harufu inanifikia hapa mezani kabla ya kikombe. Enzi za mama yenu ilinifuata mpaka kitandani. Siku ile nilinusa, nikanusa, hakuna kitu. Na yale mashapo yako, aa! Yale yale kila siku, yamepauka mpaka yananionea huruma."

"Sasa mbona hukusema, baba?"

Fundi akatazama droo yake iliyofurika. "Nilidhani mambo yamewabana. Mume wako yuko njiani, pengine hajaleta kitu, na wewe unaona haya kuniambia pesa ya kahawa hakuna. Nikasema, basi, nitakunywa chochote nitakachopewa, na nitajifunga kibwebwe niongeze kazi. Ndiyo sababu ya hizi takataka zote."

Bi Haraka alilia kwa sauti. Wifi, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango, akaingia naye analia, na Fundi akabaki katikati hajui amnyamazishe nani. "Haya, basi, basi. Saa zinaingia unyevu," akasema, huku naye anajifuta macho.

Walielewana siku hiyo hiyo. Kikombe kimoja cha asubuhi kingekuwa cha kusaga, kwenye sufuria la marehemu, nyumba yote inukie. Vingine vyote ni vya kopo, kijiko kimoja, kama wifi alivyofundisha. Saa za plastiki na redio zikarudishwa kwa wenyewe. Siku za mwanzo mzee alilalamika kichwa, akawa mkali kwa kila mtu, hata kwa taa. Halafu akatulia.

Na mikono? Haikupona, tusidanganyane. Umri haurudi nyuma. Lakini ilipungua, na asubuhi moja, kabla ya harusi, Fundi alikifunua kitambaa na hakukifunika tena. Bi Haraka alisimama mlangoni na kikombe mkononi, hathubutu kuingia. Aliona kibano kikishuka, kikisita, kikipanda. Mzee akaegemeza viganja mezani, akashusha pumzi, akajaribu tena. Bi Haraka alingoja. Kahawa ilipoa mkononi mwake naye anangoja, hakusogea hata unyayo.

"Haya," akasema Fundi mwisho wake. "Leta hiyo kahawa."

"Imepoa, baba. Nikutengenezee nyingine?"

"Ilete hivyo hivyo."

Akanywa mafunda mawili, akakirudisha kikombe juu ya kisahani. Bi Haraka alitega sikio kama alivyozoea, akisubiri ule mlio. Alichosikia ni saa ya mwalimu, inatembea.