Kiti Kibovu Kuliko Vyote

Wifi yangu anaweza kukitengeneza kiti cha magurudumu mpaka kikatembea bila kuguna, lakini mpe kalamu uone anavyotoka jasho. Nasema hivi kwa upendo, maana nimeolewa na kaka yake na nina haki zangu zote za kumtania.

Siku hiyo nilimkuta karakanani kwake, gurudumu moja mapajani, karatasi juu ya sanduku la vifaa. Hospitali ilikuwa imetangaza kwamba inatafuta fundi wa kutunza viti vyake vya magurudumu, kazi ya kudumu, na barua zingepokewa mpaka kesho yake. Akiipata, karakana inabaki wazi. Akiikosa, anafunga mlango na kwenda kuuza magodoro dukani kwa mume wangu, ambaye alikuwa keshamwandalia nafasi nyuma ya kaunta. Wifi na magodoro ni sawa na paka na maji. Alikuwa hajalia, lakini pua ilikuwa nyekundu.

"Barua yote iko sawa," akaniambia. "Mwisho tu ndio umenishinda."

Nikaisoma. Kweli ilikuwa sawa: alikojifunzia, aina za viti anavyovijua, na nyumba ya kutunzia wazee ambayo viti vyake amevishughulikia kwa muda mrefu, pamoja na simu ya msimamizi wa kule anayeweza kuulizwa. Kisha nikafika aya ya mwisho.

"Nawaomba sana, kwa unyenyekevu mkubwa, mnihurumie na kunifikiria hata kama wapo wanaonizidi. Nitashukuru kwa lolote mtakaloamua. Samahani kwa kuwasumbua."

"Wifi, hapa unaomba kazi au unaomba msamaha?"

"Heshima si utumwa."

"Si utumwa, ndiyo. Lakini wewe umepiga magoti kabla hata hujakaribishwa ndani. Na hao wanaokuzidi umewatoa wapi? Hakuna aliyewataja ila wewe."

Mume wangu akaingia na chupa ya chai, akasikia nusu ya maneno, na kama kawaida yake nusu ikamtosha. Yeye huuza magodoro kwa kelele. Akachukua kalamu, akaandika amesimama.

"Fundi kama mimi haji mara mbili! Wengi wananigombania. Chukueni hatua LEO, msije mkajuta!"

"Kaka, nani ananigombania?" wifi akauliza.

"Mimi. Si nakutaka dukani?"

"Hospitali haitishiwi nyau," nikamwambia. "Mtu ukimsukuma mlangoni, anafunga mlango."

Basi nikavuta karatasi kwangu. Mimi ni katibu ofisini, nimechapa barua nyingi kuliko nywele zangu, na niliandika kwa madaha: "Ni matumaini yangu kuwa ombi langu litapokelewa na kushughulikiwa ipasavyo." Nikaisoma kwa sauti, nikanywa chai kama mshindi.

Wifi akafikiri. "Imenyooka. Lakini akishamaliza kusoma, huyo mtu afanye nini?"

Nikakitua kikombe.

"Aiweke kwenye faili," mume wangu akajibu kwa niaba yangu.

Iliniuma kwa sababu ni kweli. Barua za namna hiyo nimezifaili mwenyewe, na hakuna aliyewahi kuniuliza ziko wapi.

Hapo ndipo akaingia mama mmoja kuchukua kiti cha mwanawe. Mtoto alikuwa mgongoni, mama mwenyewe macho yake kwenye magurudumu. Akauliza, "Una uhakika kimepona? Kwingine waliniambia hivyo hivyo."

Wifi akasimama, na nikaona mtu mwingine kabisa. Hakuapa, hakubembeleza. Akajifuta mikono kwa kitambaa, akasema polepole, "Mkalishe. Msukume mpaka pale kona, kisha urudi. Kikilia, tunaanza upya. Kikinyamaza, nendeni nacho nyumbani."

Mama akamkalisha mtoto, akamsukuma mpaka kona. Kiti kilinyamaza. Mtoto ndiye aliyepiga kelele, anataka kurudia, na mama akarudia naye mara kadhaa huku anacheka. Alipoondoka, nilikuwa nimeshaanza kuandika.

"Unaandika nini?" wifi akauliza.

"Unachosema kila siku. Nyamaza nisije nikasahau."

Tulibishana kidogo, maana ndugu hawa wawili hawaachi kitu kipite. Wifi alitaka kurudisha "samahani". Nikamuuliza kama alimwomba huyo mama samahani kwa kumtengenezea mwanawe kiti. Mume wangu alitaka neno "leo". Nikamwambia siku atapanga mwenye hospitali, sisi tutaje yetu tu ili asianze kuhangaika kutafuta. Kisha tukaondoa chochote kilichosifu, kwa kuwa sifa zilishakaa juu, na shahidi wake pamoja nazo. Wifi akainakili kwa mkono wake:

"Nichagulieni kiti kimoja, kibovu kuliko vyote mlivyo navyo. Nitakuja na vifaa vyangu nikitengeneze mbele yenu, bila malipo, ili mjionee kazi yangu kabla ya kuamua. Jumatano asubuhi nina nafasi. Kama siku nyingine inawafaa zaidi, nipigieni kwa namba iliyo hapa chini. Nisipowasikia, nitapiga Jumanne kuuliza. Asanteni kwa kuisoma barua yangu."

Akaisoma, akairudia. "Hii ni mimi," akasema, na mara hii machozi yakatoka kweli. Tukamcheka mpaka akacheka naye.

Barua ikapelekwa. Jumanne wifi alikuwa amekaa na simu mkononi, anajitia moyo apige, ikaita yenyewe. Ilikuwa hospitali. Sauti ya kike ikasema, "Njoo kesho. Kiti tunacho."

Nilimsindikiza, nikisema ni kumsaidia kubeba sanduku, ingawa ukweli ni kwamba nisingeweza kukaa kazini. Muuguzi mkuu, mama mnene mwenye miwani ya kuning'inia, alitupeleka kwenye ukumbi wa wagonjwa ambako kiti chenyewe kilikuwa kinatusubiri. Kilikuwa kibovu kwa moyo wote. Breki moja haipo, gurudumu la mbele limepinda, kitambaa cha kukalia kimelegea kama chandarua. Wifi alikiangalia kwa furaha ambayo sijaona bibi harusi akiwa nayo.

Alipomaliza, akamgeukia muuguzi mkuu. "Kalia, mama. Nitakusukuma mpaka kona. Kikilia, naanza upya."

Muuguzi mkuu akakaa, uzito wake wote, na wakaenda mpaka mwisho wa ukumbi na kurudi. Hapakusikika kitu ila wagonjwa wakishangilia vitandani.

"Unajua kwa nini nilikupigia?" akasema bila kuinuka, maana alikuwa amenogewa. "Barua nyingine zote ziliniomba nitoe kazi. Kazi sitoi peke yangu, kuna kikao. Wewe uliniomba nitafute kiti kibovu. Hicho niliweza kukitafuta asubuhi ile ile, na nilipokipata nikataka kuona utakifanya nini." Kisha akamwambia kikao kilishakubali kumchukua akikiweza kiti hicho, aanze Jumatatu.

Wifi alinikumbatia na grisi zake zote. Gauni lile sijalifua mpaka leo.

Mume wangu alizipokea habari kwa heshima ya mtu aliyepoteza msaidizi. Kesho yake akaling'oa bango la dukani lililojaa alama za mshangao, akaweka jingine: "Lalia. Likikuumiza, usilinunue." Jioni nikampitia dukani, nikamkuta amesimama kwa vidole vya miguu kando ya godoro. Mteja alikuwa amelala fofofo juu yake, anakoroma.

"Nimwamshe?" akaninong'oneza.

"Mwache," nikamwambia. "Anaamua."