Laki na Arobaini na Nne

Mwenyekiti wetu Audax ana kipaji cha kuahidi. Mwaka juzi, alipotaka wanachama wapya wa chama chetu cha akiba hapa Keko, alichapisha bango refu kama kitanda: WEKA LAKI MOJA KILA MWEZI, RIBA ASILIMIA 12 KWA MWAKA, DESEMBA UNACHUKUA 1,344,000. Nilimwambia siku ile ile kwamba hesabu hiyo si sahihi. Akaniambia, "Auleria, watu hawapendi hesabu ndefu." Bango likapanda. Mafundi arobaini wakaingia, na kila mwisho wa mwezi, wakishalipwa na wateja wao, wakaniletea laki moja moja bila kukosa. Kwa hilo nawapongeza. Mengine ndiyo yaliyonitoa roho.

Jumamosi ya kwanza ya Januari tulikutana uani kwa fundi Gervas. Wanachama walikaa kwenye makochi ya kuuzwa, nailoni bado haijatolewa. Kila mmoja alikuwa na simu mkononi, na karibu kwenye kila simu ujumbe niliotuma mimi mhasibu: akiba yako ni shilingi 1,268,250.

Gervas hakusubiri hata dua ya kufungua mkutano. "Sista, mie sikusoma sana," alisema, "ila milioni moja na laki mbili, asilimia kumi na mbili yake ni laki na arobaini na nne. Hapa naona riba elfu sitini na nane. Elfu sabini na tano yangu iko wapi?"

"Sabini na tano, mia saba na hamsini," mtu akamsahihisha kutoka nyuma.

"Zidisha mara arobaini," akasema mwingine.

Wakazidisha. Kuzidisha walijua. Ikatoka milioni tatu na elfu thelathini, na macho yote yakanigeukia, halafu yakahamia kwenye viatu vyangu, ambavyo kwa bahati mbaya vilikuwa vipya.

Nilimtazama Audax. Mtu mwenye haya angesimama na kusema bango lilikuwa lake. Audax alikohoa, akarekebisha kola, akasema, "Ndugu wanachama, tuwe watulivu. Mhasibu atatueleza pesa imekwenda wapi." Imekwenda wapi! Nilitamani ardhi immeze yeye na koo lake.

"Akishindwa, twende naye polisi," alisema Gervas, taratibu kabisa, kama anayeagiza misumari. Miaka sita nimeshika pesa za chama hiki. Nina watoto wanaosoma mtaa huu huu. Ukishaitwa mwizi Keko, huhitaji hukumu ya mahakama.

Nilichukua chaki ya fundi nikaenda kwenye plaiwudi iliyoegemezwa ukutani.

"Asilimia kumi na mbili ni ya mwaka," nikasema. "Sisi tunahesabu riba kila mwezi, kwa hiyo tunagawa kwa kumi na mbili. Kila mwezi ni asilimia moja ya pesa iliyokuwamo tangu mwezi ulipoanza. Gervas, laki yako ya kwanza uliileta lini?"

"Mwisho wa Januari."

"Januari basi haikuzaa kitu. Februari ikazaa elfu moja, ukaongeza laki, ikawa 201,000. Machi, asilimia moja ya hiyo ni 2,010, ukaongeza laki, ikawa 303,010. Unaona riba nayo inazaa riba? Tuliendelea hivyo hadi Desemba. Laki ya Januari imekaa miezi kumi na moja, imefika 111,567. Laki ya Desemba imeingia tarehe thelathini na moja, haijazaa hata senti. Ukizijumlisha zote kumi na mbili unapata 1,268,250. Ili upate laki na arobaini na nne, pesa yote ingekuwa imelala humu tangu mwaka unaanza. Kwani Januari ulikuwa na milioni moja na laki mbili?"

"Ningekuwa nazo ningekuja kwenu kufanya nini?" akasema Gervas. Watu wakacheka, nikadhani tumemaliza.

Wapi. "Haya ni maneno ya wasomi," akasema mmoja. "Asilimia kumi na mbili ni asilimia kumi na mbili." Nikaandika fomula: laki moja, mara moja nukta sifuri moja kwa kipeo cha kumi na mbili, toa moja, gawa kwa sifuri nukta sifuri moja. Kuiandika lilikuwa kosa. Walipoiona waliamini kabisa kwamba nimekula. Nikarudia kwa maneno. Nikarudia tena kwa mwezi mmoja mmoja. Mara ya tatu sauti ilinikauka, na Audax alikuwa anachati.

Hapo ndipo aliposimama Mwishehe, muuza vitanda. Huyu alijiunga pamoja nao lakini hakuleta hata shilingi mwaka mzima. Tarehe ishirini na saba Desemba alilipwa na hosteli moja, akaja na milioni moja na laki mbili kwa mpigo. Ujumbe wake ulisema 1,200,000 kavu.

"Nami nidai langu," akasema kwa upole. "Hela ni ile ile mliyoweka nyie. Kama ni asilimia kumi na mbili ya milioni na laki mbili, basi mie naidai laki na arobaini na nne yote."

Gervas akamgeukia polepole.

"Wewe umeleta lini?"

"Juzi. Lakini hela si imetimia?"

"Mwezi wa tano mwanangu alilazwa," Gervas akasema, "na laki nikaleta. Wewe ulikuwa unakula kuku. Leo tupate sawa?"

"Hesabu yako mwenyewe ndiyo inavyosema, braza."

Gervas aliitazama plaiwudi upya. Dakika zote zile nilizopoteza, fomula, vipeo, mate yangu, havikumwingia. Kilichomwingia ni kwamba Mwishehe angepata sawa naye. Wakaanza kupiga kelele wote kwamba pesa ya juzi haiwezi kulingana na pesa ya Januari, kana kwamba wamegundua wao. Wakapiga kura: hesabu ya mhasibu ipite. Audax alinyoosha mkono wa kwanza. Hakuna aliyeniomba radhi.

Nilikuwa nafunga mkoba, nimeamua Jumatatu napeleka barua ya kuacha kazi, Gervas alipokuja.

"Sista, nikileta mwanzoni mwa mwezi badala ya mwishoni?"

"Ukileta kabla ya tarehe tano, inahesabiwa mwezi huo huo," nikamjibu bila kumtazama. "Kila laki inapata mwezi mmoja zaidi. Mwisho wa mwaka unakuwa na 1,280,933. Elfu kumi na mbili na ushee za ziada."

Akatoa noti kumi za elfu kumi, akazipanga mezani. "Basi niandikie leo."

Nikamtazama sasa. "Pesa unampa mwizi?"

Alikuna shingo. "Mwizi angetuandikia kwenye simu ile laki na arobaini na nne," akasema, "tukashangilia, tukaondoka."

"Na hayo mbona hukuyasema mbele ya watu?"

Nyuma yake walikuwa wamesimama wengine watano, kila mmoja na laki yake mkononi, wananisubiri niandike. Nilitamani kuwafukuza wote. Nikaketi, nikafungua kitabu cha risiti, na machozi ya hasira yakanidondokea juu ya risiti ya Gervas.