Video ya Katikati ya Mwezi

Kofi lilimkuta Picha bado ameshika kistendi cha kamera. Kistendi kikaenda upande wake, yeye upande wake, na wateja wawili waliokuwa wakifungua na kufunga milango ya oveni bila nia ya kununua wakakumbuka ghafla kwamba wana safari.

"Laki moja!" kaka yake alinguruma. "Watu laki moja wametazama, na leo nimeuza nini? Mpira wa gesi! Mmoja!"

Kaka huyo aliitwa Nondo tangu enzi za kubeba vyuma kwenye majengo, na mkono wake ulikuwa haujasahau kazi ile. Duka la majiko ya gesi waliachiwa na mama yao, wote wawili sawasawa. Picha, aliyeitwa hivyo kwa sababu ya kamera yake, alipiga video na kuzungumza na wateja. Nondo alishika funguo na sauti.

Picha alijifuta mdomo. "Nani alikwambia uirushe video ya bei sasa, kaka? Leo ni katikati ya mwezi."

"Mwezi una uhusiano gani na jiko?"

"Wanaotutazama ni walimu, manesi, walinzi, makarani, watu wa viwandani. Watu wa mshahara. Saa hizi mifuko yao imekauka, hata nauli wanakopeshana. Ndiyo maana wiki za katikati nawaonyesha jiko tu, jinsi ya kulisafisha, jinsi ya kuoka, bila bei. Wakikaribia kulipwa nawachokoza. Siku pesa inaingia ndiyo naweka bei, asubuhi na mapema, kabla mwenye nyumba na ada ya shule hawajawahi. Wewe umechukua video ya bei, ukailipia isambazwe, kwa watu wasio na kitu!"

"Kwa hiyo wanatazama bure?"

"Wanahifadhi! Soma maoni. 'Kaka, nisubiri tarehe zetu.' 'Usiuze langu jekundu.' Mshahara ukitoka watatumiminikia kama siafu, na bei ni ile ile waliyoiona. Ama uifute sasa, ama ukae na mzigo uwasubiri."

Nondo hakusoma maoni. Alikuwa akisoma namba ya watazamaji tu, akiwaonyesha mafundi wa jirani na kinyozi, na usiku akamwamsha mkewe aione. Kufuta laki moja? Alibadilisha neno la siri la ukurasa wa duka, simu akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mshindani wao, waliyemwita Tabasamu kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaona meno yake yakipumzika. Yeye maoni aliyasoma, moja baada ya jingine. Siku chache kabla ya mishahara alivuka barabara akiwa na gari la mizigo.

"Mzee Nondo, nimesikia majiko yamekulemea. Nakuondolea yote. Bei ya jumla, pesa mkononi."

Picha alitoka stoo akawakuta wapakiaji wamekwishabeba nusu, Nondo akihesabu noti. Akasimama mlangoni, mikono kwenye fremu zote mbili.

"Halitoki hata moja! Duka hili ni langu pia!"

"Toka hapo, mdogo wangu."

"Huyu anajua wanakuja! Kaka, fungua macho, anajua!"

Nondo alimpiga ngumi ya tumbo, na alipoinama akampandishia goti. Picha alisikia kitu kikivunjika ndani ya kinywa chake, akatema jino kwenye vigae. Wapakiaji wakamruka kama wanavyoruka dimbwi, jiko mgongoni. Tabasamu naye alimruka, taratibu, asijichafue viatu.

"Pole, mdogo wangu," akasema. "Weka barafu."

Mwisho wa mwezi uliangukia wikendi, kwa hiyo watumishi wa serikali walilipwa Ijumaa. Simu zikaanza kulia mifukoni kabla ya saa nne. Saa tano kasoro waliwasili.

Wa kwanza alikuwa mlinzi, bado na sare na buti za kazini. Nyuma yake manesi watatu, mwalimu na mumewe, halafu wengine, halafu barabara yote. Kila mmoja ameinua simu yake, na katika kila simu Nondo alikuwa akitangaza bei, kifua mbele.

"Yameisha," Nondo akasema.

"Yameisha lini? Video si hii hapa, haijafutwa?"

"Nimesema yameisha."

"Mbona yako pale?" nesi mmoja aliuliza akionyesha ng'ambo. Tabasamu alikuwa ameyapanga nje, yale yale, na kibandiko cha bei iliyoongezwa karibu nusu.

Watu wakatazama ng'ambo, kisha wakageuka wote kumtazama Nondo.

"Ni mtego," mlinzi akasema polepole. "Huyu anatuita, yule anatukamua. Wanagawana."

Nondo angeweza kueleza. Badala yake alichomoa chuma chini ya kaunta. "Nani anamwita nani mwizi kwenye duka la mama yangu?"

Chuma kilimpata mlinzi begani. Hakikushuka mara ya pili. Kioo cha mbele kilimwagika chote kwa mpigo, na watu wakaingia juu yake, buti na viatu vya kazini vikisaga. Mtu alinyanyua wavu wa chuma wa jiko la maonyesho akamshindilia Nondo usoni. Mwalimu, mtu wa miwani, alimpiga teke la mbavu huku akihesabu kwa sauti kama yuko darasani. Rafu ziling'olewa. Mashine ya risiti ilipaa ikatua ukutani.

Picha alikuwa stoo, taya bado limevimba. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Alisimama akiutazama, ulimi kwenye pengo la jino. Kisha akanyakua mtungi mtupu wa gesi, akaingia nao katikati ya watu akiuzungusha, akitukana matusi ambayo mama yao angemchapa kwa ajili yake. Mtu alimchana sikio. Mwingine alimvunjia kiti mgongoni. Akamfikia kaka yake, akamlalia juu, akapokea mateke yaliyobaki.

King'ora kiliposikika barabarani, watu walitawanyika. Ng'ambo, Tabasamu alikuwa amekwishashusha mlango.

Nondo alikaa juu ya vioo, jicho moja limefumba. Mkono wake ulikuwa ndani ya koti, umeishikilia simu.

"Ipo?" Picha akauliza.

"Ipo."

"Ifute. Leo ni serikali tu. Watu wa viwandani wanalipwa Jumatatu, na ndio wengi. Wakija wakikuta hivi, watachoma moto."

"Imefika laki mbili," Nondo alinong'ona. "Laki mbili, mdogo wangu. Mimi, mbeba nondo."

"Nipe."

"Siwezi."

Picha hakuwahi kumpiga kaka yake hata mara moja. Alimpiga sasa, ngumi kavu, palepale palipokwisha kupasuka. Akaupinda mkono nyuma mpaka bega likalia, akamkalia mgongoni, akakivuta kidole gumba chenye damu na kukibana kwenye kioo cha simu. Simu ikakataa. Akakifuta kwa shati lake, akakibana tena. Ikafunguka.

Nondo alilia kama mtoto namba ilipotoweka.

"Kaa vizuri," Picha akasema, akihema. Akaokota kistendi, mguu mmoja umepinda, akakiegemeza kwenye jiko lililobondwa. "Kuna waliokwisha kuipakua, hao hawafutiki. Waambie kwa mdomo wako. Majiko yameisha, Jumatatu wasije, na bei ile ile waliyoiona tutawawekea mshahara ujao."

"Na uso huu?"

"Na uso huo huo."

Nondo akameza mate ya damu, akanyoosha kola ya koti lililochanika, akaitazama kamera.