Breka Namba Sita

Ijumaa alasiri Wubalem alikuwa amekaa ofisini peke yake, ofisi ya vyumba viwili juu ya duka la vitambaa mjini Hawassa. Mchoro wa nyaya za umeme wa kliniki ya wazazi ulikuwa mbele yake, na ilikuwa mara ya tatu kuuchora upya. Mwenzake waliyekuwa wakigawana kazi alikuwa amehamia ng'ambo tangu Pasaka, na nafasi yake haikujazwa. Tangu hapo Wubalem alikuwa akibeba mizigo ya watu wawili kwa mgongo mmoja. Macho yalimwasha. Umeme ulikuwa umekatika mchana ukarudi, na kile alichokuwa hajakihifadhi kwenye kompyuta kilikwenda na maji.

Ndipo Sista Aynalem, muuguzi mkuu wa kliniki, alipopiga simu.

"Mwanangu, samahani nakusumbua tena. Paa la kile chumba cha watoto wachanga linavuja. Tumewahamisha jana."

"Mmewapeleka wapi, Sista?"

"Namba tatu. Na mashine ya oksijeni imekwenda nao. Yupo mmoja hapa hatoki kwenye mashine hata dakika."

Wubalem alifumba macho. Kesho asubuhi fundi umeme angeingia kazini. Kazi yenyewe ilikuwa kuvuta nyaya mpya kutoka kila chumba mpaka kwenye boksi jipya la breka, zile swichi za kukatia umeme, boksi litakalolishwa na jenereta umeme wa mji ukikatika. Kliniki isingefungwa, kwa hiyo fundi angezima breka moja moja kwenye boksi la zamani, afanye kazi kwenye vyumba vya breka hiyo, kisha ahamie nyingine. Chumba chenye mashine ya oksijeni kingeachwa mpaka mwisho, boksi jipya likishakuwa na umeme. Hapo ingebaki kuhamisha plagi tu.

Alitazama mchoro. Chumba cha tatu kilikuwa kwenye breka namba nane, na nane ndiyo aliyokuwa ameiandika ianze. Akabadilisha. Nane akaipeleka mwisho, na sita, inayolisha chumba cha nne ambacho kwa maelezo ya Sista kilikuwa stoo, akaiweka mwanzo. Kwenye kona ya karatasi akafuta herufi B, alama ya toleo la mchoro, akaandika C.

Kisha akashika simu amwandikie Abiyot, fundi. Mara ya kwanza aliandika maneno mengi, akaeleza habari za paa na historia nzima ya mchoro. Akasoma, akachoka mwenyewe, akafuta yote. Akaanza upya:

"Kaka Abiyot, habari za jioni. Mchoro niliokupa Jumanne usiutumie. Tumia huu niliouambatanisha, wenye herufi C kwenye kona. Yaliyobadilika ni haya. Watoto wachanga na mashine ya oksijeni sasa wako chumba namba 3, kwa hiyo breka 8 usiiguse mpaka mwisho. Anza na breka 6. Waya wa soketi za chumba 3 uwe wa milimita 4, si 2.5 tena. Kabla ya kushusha breka yoyote mwambie Sista Aynalem, na mtungi wa oksijeni uwe kando ya kitanda, umefunguliwa tayari. Nijibu kwa kunirudishia mabadiliko haya, usiniandikie sawa tu."

Akautuma, na mchoro chini yake. Jibu lilikuja alipokuwa akishuka ngazi.

"Sawa."

Wubalem alisimama kwenye ngazi akiliangalia neno lile. Akapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Alitaka kupiga tena, lakini miguu ilimuuma na tumbo lilikuwa tupu. Akaenda nyumbani.

Asubuhi ya Jumamosi alichukua bajaji mpaka kliniki. Hakuna aliyemwomba aende. Neno "sawa" lilikuwa limemkalia kama mchanga kwenye kiatu, akaona heri akose usingizi wa Jumamosi kuliko kulala nalo.

Abiyot alikuwa ameshafika. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye mabega mapana na sauti ya taratibu, na boksi la zamani, lililokuwa ukutani karibu na lango, lilikuwa wazi mbele yake. Mchoro wenye herufi C ulikuwa umebandikwa kwa utepe wa gundi pembeni.

"Injinia, umeamka na majogoo," alisema.

"Nilikuomba unirudishie mabadiliko. Umeniandikia sawa."

"Nilikuwa juu ya ngazi kwa mteja, mkono mmoja umeshika waya. Ulitaka nikuandikie barua?" Alicheka kidogo. "Nimeusoma ujumbe wako leo asubuhi, tena mara mbili. Niulize."

"Haya, nirudishie."

"Chumba cha tatu kisiguswe. Nane ya mwisho. Naanza na sita. Waya wa nne. Sista ajulishwe, mtungi uwe tayari."

Sista Aynalem alitokea kwenye korido akifuta mikono. "Ameshaniambia. Mtungi uko pale kitandani na mwenzangu amekaa nao. Mradi chumba cha tatu hamkigusi."

"Cha tatu hatukigusi, Sista," Abiyot alisema.

"Cha tatu," Wubalem alirudia, na kwa mara ya kwanza tangu jana mabega yake yakalegea. Wote watatu walikuwa wamesema neno moja.

Abiyot akashusha breka namba sita.

Kutoka katikati ya korido mashine ikaanza kulia, mlio mkali wa kukatikakatika. Sista aligeuka, akakimbia. Abiyot aliirudisha breka juu papo hapo na kidole chake kikabaki pale pale, kama vile ingeweza kushuka yenyewe. Wubalem alimfuata Sista mbio, na alipofika mlangoni muuguzi kijana alikuwa ameshahamishia mpira wa oksijeni wa mtoto kwenye mtungi. Mtoto alikuwa mdogo kama mkate, kofia ya sufu imemfunika mpaka nyusi. Kifua chake kilikuwa kikipanda na kushuka. Mashine nayo ilikuwa imeshawaka tena, ikinguruma kama kawaida.

Mama wa mtoto, mwanamke mwembamba aliyeitwa Lakech, alikuwa amesimama kando ya kitanda na mikono yake kifuani. Hakupiga kelele. Aliwatazama mmoja mmoja.

"Nani amezima?" aliuliza.

"Sisi," Wubalem alisema. "Mimi. Ni kosa, mama, umeme tumeurudisha. Mashine haitazimwa tena."

Lakech alikaa, akaweka kiganja juu ya blanketi la mtoto, akawapa mgongo.

Wubalem alitoka nje akautazama mlango. Namba 3 ilikuwa pale, imepakwa rangi ya buluu, kubwa, haina shaka. Akatembea polepole mpaka langoni akihesabu milango, kisha akarudi. Kutoka langoni mlango ule ulikuwa wa nne. Mchoro ulihesabu kutoka langoni. Aliyepaka rangi milango alikuwa ameanzia upande wa pili, kwenye tangi la maji. Vyumba vilikuwa sita, kwa hiyo tatu ya huku ilikuwa nne ya kule, na kati yake kulikuwa na ukuta mmoja tu.

Abiyot alikuja na mchoro mkononi. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Nimefanya ulivyoandika," alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Miaka yote hii sijawahi kuzima mashine ya mgonjwa."

"Najua, kaka. Ni ujumbe wangu. Nilichukua tatu ya Sista nikaiweka juu ya tatu yangu, sikuuliza."

"Na mimi sikuingia ndani kuangalia," alisema Abiyot. "Nimesimama langoni nikasoma karatasi. Ningetembea hatua chache ningemwona mtoto."

Sista Aynalem alikuwa amewasikia. Alikuwa na hasira, ila hasira yake ilikuwa imechoka kama wao. "Mimi ningejuaje mchoro wenu unahesabu kwa kinyume? Mlango umeandikwa tatu, nimesema tatu." Akavuta pumzi. "Mtungi umesaidia. Nilidhani mnanisumbua bure mlipoutaka. Sasa hamshushi kitu hapa mpaka mnionyeshe kipi kinakwenda wapi. Kwa macho yangu."

"Bila kuzima," Wubalem alisema.

"Bila kuzima."

Wakaomba birika la umeme jikoni. Wubalem aliingia nalo chumba kimoja baada ya kingine, akilichomeka na kusema kwa simu, na Abiyot kule kwenye boksi akibana kipimo chake juu ya waya wa breka moja moja, bila kugusa sehemu yenye umeme. Birika linapowaka hula umeme mwingi, kwa hiyo waya unaolilisha hujulikana: namba kwenye kipimo hupanda ghafla, na birika likizimwa hushuka. Chumba cha watoto hawakukichomekea birika, wasije wakaizidishia mzigo soketi ile. Pale walitazama tu: breka nyingine zote zilikuwa zimeshapata vyumba vyake, na Abiyot alipobana waya wa sita, kipimo kilionyesha mzigo mdogo usiokoma, wa mashine yenyewe.

"Sita ni mtoto," Abiyot alisema kwenye simu. "Nane ni stoo ya dawa, ile ya jirani yake. Zote ziko sawa na mchoro, ukihesabu kutoka langoni."

Sista alisimama kando yake akatazama mwenyewe, akaitikia kwa kichwa.

Wubalem alikaa kwenye benchi la wagonjwa. Mwanamke mmoja mjamzito alimsogezea nafasi. Kwenye mchoro Wubalem alifuta herufi C kwa kalamu, akaandika D, akafuta namba za vyumba vyote sita na mahali pake akaandika vilivyomo: watoto wachanga, stoo ya dawa, leba, mapumziko, chanjo, paa bovu. Akaupiga picha. Kisha akaandika, ingawa Abiyot alikuwa hatua chache tu kutoka kwake:

"Kaka Abiyot, mchoro C tuutupe, huu ni D. Hauna namba za vyumba, una majina. Breka 6 ni ya watoto wachanga, haishushwi mpaka mwisho. Anza na 8, stoo ya dawa. Waya wa milimita 4 ni wa chumba cha watoto, si wa stoo."

Jibu lilichukua muda. Alimwona Abiyot ameinamia simu, akiandika kwa kidole kimoja. "Nimepata D. Naanza 8 stoo ya dawa, nimeingia nikaiona, hamna mtu. 6 watoto wachanga siigusi. Waya wa 4 watoto. Utepe wa njano nimeubandika juu ya 6."

Kazi ilianza. Ilikwenda polepole, kwa sababu kabla ya kila breka kushushwa Abiyot alikwenda mlangoni, akachungulia, akauliza. Mara mbili umeme wa mji ulikatika wenyewe na mashine ikalia tena, na mara zote mbili Lakech alimtazama Wubalem kabla ya kutazama kitu kingine. Wubalem alikaa pale pale mchana kutwa, akala mkate wa injera na mchuzi wa shiro uliopoa, ambao Sista alimletea.

Jioni jenereta ikawashwa, boksi jipya likapata umeme, soketi mpya ikapimwa. Mtoto akawekwa kwenye mtungi, plagi ikahamishwa, mashine ikaanza kunguruma, mtoto akarudishwa. Hapo ndipo breka namba sita iliposhushwa, na hakuna kilicholia.

Nje, Abiyot alifunga vifaa vyake kwenye pikipiki. "Wiki ijayo kuna ile shule," alisema. "Mchoro unao?"

"Ninao. Sijafika kwenyewe bado."

"Nenda kafike, ndipo uniandikie."

Wubalem aliitikia. Akasimama kando ya barabara kungoja bajaji, na bajaji mbili za kwanza zikapita zimejaa.