Sema Tena, Polepole

Bhagwati aliteremka melini Dar es Salaam mwaka wa sitini na tisa, akiwa na sanduku la bati, bangili mpya mikononi na neno moja tu la Kiswahili. Neno hilo alipewa na mumewe, Lalit, wakiwa bado baharini. Lalit alizaliwa Dar, na alikuwa amekwenda Jamnagar kuoa. Njiani alimtuliza mkewe kwamba wenyeji wa huko ni watu wema, wala hana haja ya kuogopa lugha. Wakikusemesha, alimwambia, tabasamu useme "ndiyo".

Kwa miezi ya mwanzo neno hilo lilimtosha, maana hakuwa akitoka. Waliishi Mchafukoge, ghorofani, juu ya duka la vitambaa alilofanyia kazi Lalit. Mwenye nyumba hiyo kwa maana halisi alikuwa mama mkwe wake, Champaben, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mpaka ngazi za chini. Champaben ndiye aliyekwenda sokoni, ndiye aliyesemezana na muuza maziwa na dobi. Bhagwati alikaa dirishani akichambua dengu, akiwatazama watu barabarani, na maneno yao yalimfikia kama mvua juu ya bati: aliyasikia yote, hakulishika hata moja.

Kisha magoti ya Champaben yakavimba. Asubuhi moja alishindwa kushuka ngazi, akampa Bhagwati kikapu na kumweleza njia ya kwenda Kariakoo. Alitakiwa kuleta bilinganya, bamia, kotmiri na ndimu. Achague kwa kidole, alimwambia, na wakimsemesha anajua la kusema.

Wakati ule soko la zamani lilikuwa bado limesimama, kabla halijabomolewa kupisha hili jipya la zege. Paa lake lilikuwa limejaa moshi na njiwa, na chini yake harufu ya papa mkavu ilichanganyika na ya mananasi. Bhagwati aliingia akiwa ameshika ushungi wa sari yake kwa meno. Alishangaa jinsi kazi ilivyokuwa nyepesi. Alinyoosha kidole kwenye bilinganya, akapata bilinganya. Alinyoosha kwenye bamia, akapata bamia. Kila mtu alimsemesha, naye alimjibu kila mmoja, ndiyo, ndiyo, na wote wakacheka naye. Kwa mara ya kwanza tangu ateremke melini alijiona ni mtu mwenye akili zake.

Karibu na muuza ndimu kulikuwa na matenga ya kuku. Ndani ya tenga moja alisimama jogoo mwekundu mwenye mkia wa kijani unaong'aa, akitazama watu kwa jicho moja kama hakimu. Kwao Jamnagar palikuwa na jogoo wa jirani wa namna hiyo hiyo, aliyekuwa akipanda ukutani kila alfajiri. Bhagwati alisimama akamtazama, na kwa namna alivyomkumbuka yule wa kwao, akatabasamu.

Mwenye kuku aliitwa Uwesu. Alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, na maneno yake yalitoka yote kwa pamoja. Alimuuliza mama huyu kama amempenda jogoo. Bhagwati akasema ndiyo. Akamuuliza amtoe. Ndiyo. Akamtoa, akambinya kifua kumwonyesha jinsi alivyonona, kisha akauliza jambo la tatu, na sauti yake ikapanda mwishoni kama zinavyopanda sauti za watu wote wanaouliza.

"Nikuchinjie kabisa?"

"Ndiyo," alisema Bhagwati, akitabasamu.

Uwesu aligeuka, akamlaza jogoo chini, akamkanyaga mbawa, akasoma bismillahi. Ilikwisha upesi. Damu iliruka ikagusa pindo la sari, na mabawa yakapiga sakafu mpaka yakanyamaza.

Lazima ieleweke Bhagwati alikuwa mtu wa namna gani. Kwao hawakula nyama wala yai. Babu yake alikuwa akiwamwagia sisimizi unga mlangoni kila asubuhi. Hakuwahi maishani mwake kuona mnyama akiuawa, na sasa kuna mmoja ameuawa miguuni pake, kwa neno lililotoka kinywani mwake mwenyewe. Hilo alilitambua mara moja, bila kufundishwa na mtu. Kikapu kilimponyoka, ndimu zikabiringika chini ya meza za watu. Alitaka kusema kitu, na neno pekee alilokuwa nalo ndilo lililofanya yale.

Aliyemshika mkono asianguke alikuwa Tatu, muuza mboga za majani. Tatu alikuwa Mmwera wa upande wa Lindi, mwanamke mrefu aliyejifunga khanga mbili, na alikuwa ameona yote kutoka mezani pake. Hakuuliza swali. Alimvuta Bhagwati nyuma ya mafungu ya mchicha, akamkalisha juu ya gunia, akampa maji kwenye kikombe cha bati. Kisha akachovya ncha ya khanga yake majini na kuanza kusugua damu kwenye pindo la sari. Uwesu alibaki amesimama na jogoo wake mkononi, akiwauliza waliokuwa karibu amekosa nini, kwani mama mwenyewe si alikubali.

"Hakukubali," Tatu alimwambia. "Hakukuelewa."

Tatu alijua anachokisema. Alipokuja Dar mara ya kwanza, akiwa msichana, alikuwa akijua Kimwera na Kiswahili cha kuombea maji. Watu wa mjini walimsemesha kama wanaokimbizana, naye kwa aibu aliitikia kila kitu. Hivyo ndivyo alivyopanda basi la Ilala siku aliyotakiwa kwenda Temeke, na hivyo ndivyo alivyojikuta siku nyingine amekubali kuosha vyombo vya arusi ya watu asiowajua. Wenzake walicheka. Aibu ile ya kuitikia hakuisahau.

Kwa hiyo, Bhagwati alipomaliza kunywa maji, Tatu alianza kumfundisha pale pale juu ya gunia. Aligusa sikio lake, akagusa kichwa, akatikisa kichwa kukataa. "Sielewi," alisema. Bhagwati alimtazama. Tatu akarudia, akikata neno vipande kama anayekata muwa: si-e-le-wi. Mara ya tatu Bhagwati akalitoa, likiwa limepinda kidogo, lakini lilikuwa lenyewe.

Kisha akamfundisha "sema tena". Alimwita mwenzake wa meza ya pili, akamwambia aseme chochote, kisha akamwamuru arudie, ili Bhagwati aone neno hilo linavyofanya kazi. Mwisho akamfundisha "polepole", na hapo akamtilia mkazo asilitupe peke yake bila "sema" mbele yake. Alimwonyesha kwa miguu: alitembea upesi kati ya meza, akajiambia "polepole", akaanza kunyata kama kinyonga. Kisha akaweka kidole mdomoni: "Sema polepole." Ukimwambia dereva wa teksi "polepole" tu, maana yake apunguze mwendo, naye ataendelea kuporoja vile vile. Bhagwati hakuelewa habari za teksi, lakini yule kinyonga alimwelewa, na akajikuta anacheka huku machozi hayajakauka.

Jambo moja Tatu hakuweza kumfundisha kwa mikono, nalo ndilo zito kuliko maneno yenyewe: kwamba kusema hujaelewa si kumvunjia mtu heshima. Hilo Bhagwati alilipata kwa Uwesu.

Uwesu, aliyekuwa ameshaambiwa na wenzake kwamba watu wa kwao mama huyu hawali nyama, alizunguka meza akaja kusimama mbele yao, kofia mkononi. Alisema maneno mengi sana, kwa mkupuo mmoja, uso umekunjamana. Bhagwati alihisi kichwa chake kinataka kuitikia chenyewe, kama kilivyozoea. Watu walikuwa wanatazama. Ingekuwa rahisi kutabasamu na kuondoka. Tatu alijifanya anapanga mchicha.

"Sielewi," alisema Bhagwati. Sauti ilikuwa ndogo. "Sema tena. Sema polepole."

Uwesu alikatika maneno. Aliwatazama watu, akamtazama Tatu, kisha akachuchumaa mpaka macho yake yakalingana na ya yule aliyeketi juu ya gunia. Akaanza upya, na safari hii aliyaweka maneno chini moja moja.

"Mimi... sikujua. Wewe... huli nyama. Mimi... nisamehe."

"Sema tena," alisema Bhagwati.

Akasema tena. Na huku Tatu akimwonyesha, kifua kwa "mimi", jogoo kwa "nyama", viganja viwili vilivyokutanishwa kwa "nisamehe", maana ikamjia Bhagwati yote kwa mara moja, kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Ilikuwa sentensi ya kwanza ya Kiswahili kumwingia moyoni, na ilikuwa ya mtu anayemwomba radhi. Alikutanisha viganja vyake naye, akainamisha kichwa.

Tatu alimchukua jogoo, akawapikia wanawe. Muuza ndimu aliokota ndimu zote chini ya meza, akaziosha, akaongeza na mbili zake.

Nyumbani Bhagwati alimweleza mama mkwe wake yote, akitarajia kugombezwa. Champaben alimwamuru akaoge, kisha mwenyewe akawasha taa mbele ya picha za miungu, akakaa akisugua magoti yake. Jioni akamwita, akamuuliza yale maneno ni yapi. Bhagwati akamtajia.

Champaben alikuwa ameishi Dar tangu enzi za Waingereza. Kiswahili chake kilikuwa kingi, lakini kilikuwa cha leta, weka, ondoa, punguza bei. Alilijaribu lile neno mdomoni, si-e-le-wi, kama anayeonja chumvi ya mchuzi.

"Hili sijawahi kumwambia mtu yeyote," alisema kwa Kigujarati.

Magoti yalipopona hawakuachana tena katika njia ya Kariakoo, walikwenda wawili. Walikuwa wakikaa juu ya magunia ya Tatu mpaka jua linapanda, Champaben akiuliza hili linaitwaje na lile linaitwaje, na wachuuzi wakimjibu taratibu, wengine kwa sauti kubwa mno kana kwamba ni kiziwi. Huko ndiko alikogundua kwamba dobi wake wa miaka mingi, aliyekuwa akimwita "wewe", jina lake ni Shaibu na ana wajukuu. Bhagwati watu walimbandika jina la Mama Polepole. Alilipenda. Uwesu, kila akimwona kwa mbali, alifunika tenga la kuku kwa gunia mpaka apite.

Siku hizo zilikwisha kama zinavyokwisha siku. Serikali ilitaifisha majumba, na jamaa wengi wa Mchafukoge wakafunga mizigo, wengine Uingereza, wengine Kanada. Lalit alikataa kuondoka. Champaben alifariki masika moja, na wachuuzi walikuja na mafungu ya kotmiri mpaka mlangoni, kwa kuwa hawakujua Wahindi hupelekewa nini msibani. Soko likabomolewa. Tatu alirudi kwao kumuuguza mama yake, na habari zake zikawa za kusikia tu kwa wasafiri wa kusini.

Bhagwati sasa ni bibi, na Kiswahili chake hakina hata alama ya kuja na meli. Akipita Kariakoo hupunguza mwendo upande ule palipokuwa na meza za mboga, ingawa sasa ni ukuta wa zege na maduka ya vyombo. Wajukuu humvuta mkono wakimtaka afanye haraka. Yeye husimama kidogo, kwa kuwa kuna nyakati, upepo ukitokea bonde la Jangwani na barabara imenyeshewa, harufu ya mchicha mbichi humjia pale pale, na hawezi kumweleza mtu imetoka wapi.