Sita ya Dukani

Ripoti ya Watiri ilisifiwa mbele ya darasa zima siku ya Jumatatu, na tangu hapo hakupata raha tena.

"Hii ndiyo kazi," Mwalimu Theuri alisema, akiinua karatasi zile ili hata waliokaa nyuma kabisa wazione. "Someni sehemu ya ulinganisho muone watu wenye bidii."

Jaribio lenyewe si la kumtoa mtu jasho. Pale chuoni Nyeri, mwanafunzi wa ujenzi wa mwaka wa pili hulaza boriti, yaani kipande cha chuma bapa, juu ya vishikizo viwili vilivyoachana milimita mia nane. Hutundika mzigo katikati, halafu husoma geji ya mshale iliyowekwa pale ili ajue boriti imeshuka kiasi gani. Baadaye hukaa chini akokotoe kwa fomula ingepaswa kushuka kiasi gani, na aeleze kwa nini vipimo na hesabu havikukubaliana. Makundi manne yalitumia boriti ileile na geji ileile. Matatu yalipata kwamba boriti ilishuka asilimia thelathini zaidi ya hesabu. Kundi la Watiri na mwenzake Mwirigi, hilo peke yake, lilipata asilimia mbili.

Asilimia mbili hizo Watiri alizipika. Hakuna neno jingine la kuliita jambo lile.

Mwirigi, kijana mpole kutoka upande wa Meru, ndiye aliyesoma geji siku ile. Alisoma 1.56 kwa mzigo wa niutoni kumi, 3.12 kwa ishirini, 4.67 kwa thelathini. Jioni, chumbani kwake mtaa wa Skuta, Watiri alikokotoa akapata 1.19, 2.37 na 3.56. Hakujiuliza mara mbili. Moja kwa moja alisema Mwirigi amesoma ovyo, maana Mwirigi huvaa miwani, na Watiri, tuseme ukweli, alijiona mtu wa hesabu kuliko mwenzake. Akachukua karatasi mpya, akaandika 1.21, 2.42, 3.63. Chini yake akaeleza kwa mwandiko mzuri kwamba tofauti hiyo ndogo ilitokana na msuguano kwenye vishikizo.

Karatasi ya vipimo ni lazima iwe na sahihi ya fundi wa maabara. Kesho yake alimpelekea Mzee Hezekiah, akamwambia ile ya kwanza ilimwagikiwa na chai. Mzee hakusoma hata tarakimu moja. Aliitia sahihi akiwa amesimama mlangoni, akamuuliza mama hajambo.

Sasa, Jumatatu hiyo mbele ya darasa, Mwalimu Theuri alikuwa amemgeukia mzee huyo huyo.

"Hezekiah, kundi moja limepata sawa, matatu yamekosa. Sahihi yako iko kwa zote. Hiyo inaniambia nini? Hao wengine uliwawekea geji vibaya. Jumamosi watarudia jaribio, na mimi nitaandikia mkuu wa idara. Hii si mara ya kwanza vifaa kulalamikiwa."

Mzee Hezekiah alikuwa amebakisha miezi saba astaafu. Alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili, mbele ya vijana ambao angeweza kuwa babu yao. "Sawa, Mwalimu," akasema. Watiri alitazama meza. Mwirigi naye alimtazama yeye, kwa muda mrefu, kisha akafunga daftari lake.

Walipotoka alimwambia mara moja tu. "Watiri, mimi nilisoma four point six seven. Niko na macho mabaya lakini si hivyo."

"Tutaongea," Watiri akajibu. Hawakuongea.

Jumatano alikwenda maabara kutafuta pa kuanzia kukiri. Mzee Hezekiah alikuwa akipangusa vishikizo kwa kitambaa chenye mafuta. Hakuinua kichwa.

"Msichana wangu, niliomba Mwalimu anionyeshe hiyo ripoti yako," alisema. "Umeandika ati ni msuguano. Msuguano unashikilia boriti. Ukiwa mwingi, boriti inashuka kidogo, haishuki zaidi. Ya kwako imeshuka zaidi."

Watiri alihisi aibu ikimpanda kutoka miguuni. Mzee alijua. Pengine alijua tangu Jumatatu, akavua kofia akijua.

"Mbona hukusema, Mzee?"

"Ningesema nini, na sahihi ni yangu?"

Watiri alishika boriti kwa kuwa hakuwa na pa kuiweka mikono. Mwishoni ilikuwa imeandikwa 6 kwa rangi nyeupe, yaani unene wa milimita sita. Vidole vyake vilikataa kuwa ni sita. Baba yake, Muriithi, huchomelea mageti kule Mukurweini, na Watiri alikua akimpitishia vyuma. Baba hanunui chuma bila vania ya kupimia unene mfukoni. "Hiyo ni sita ya dukani," humwambia muuzaji bila haya. "Sasa niambie ni ngapi ya ukweli." Maneno hayo Watiri aliyasikia tangu hajaanza shule. Aliyaacha nyumbani siku alipoanza kuitwa mhandisi.

"Mzee, hii ilitoka wapi?"

"Ile ya zamani ililiwa na kutu. Hii nilinunua duka la hadiwea mwezi wa nane. Wakaniambia ni sita, nikaandika sita." Mzee akakunja kitambaa chake. "Hata mimi sikupima."

Watiri alichukua vania kwenye droo. Alipima mahali pote, mwisho mmoja, katikati, mwisho wa pili. Tano na nusu, kila mahali. Nusu milimita haionekani kwa macho, lakini kwenye fomula unene huzidishwa kwa wenyewe mara tatu, kwa hiyo upungufu ule mdogo hulegeza boriti kwa asilimia thelathini. Alikokotoa upya pale pale mezani. 1.54, 3.08, 4.62. Tarakimu za Mwirigi zilikaribia hizo kwa asilimia moja na kitu.

Mwirigi alikuwa amesoma sawasawa. Makundi yote yalikuwa yamesoma sawasawa. Mwongo darasani alikuwa mmoja, naye ndiye aliyesifiwa. Watiri alilia kidogo, si kwa kuonewa, kwa kujionea haya.

Akaenda ofisini kwa Mwalimu Theuri akamweleza yote, chai ya uongo ikiwemo. Mwalimu alimsikiliza bila kumkatiza, na hilo lilimuumiza kuliko matusi.

"Mwirigi atabaki na alama zake," alisema mwishowe. "Wewe ni sufuri. Barua kwa mkuu wa idara sitaandika. Utaandika hiyo sehemu upya na utaisoma mbele ya wote Ijumaa, Hezekiah akiwepo."

Aliandika hivi:

"Boriti ilishuka asilimia thelathini na moja zaidi ya hesabu ya kwanza. Hesabu hiyo ilitumia unene wa milimita sita, ambao haukupimwa. Unene uliopimwa ni 5.5. Kwa unene huo, tofauti inabaki asilimia moja na kitu, ambayo huenda ikatokana na upimaji wa umbali kati ya vishikizo. Geji iliwekwa sawasawa, na Mwirigi aliisoma sawasawa. Vipimo vya ripoti ya awali havikutoka kwenye geji. Nilivitunga mimi."

Kabla ya Ijumaa karatasi ya vipimo ilihitaji sahihi tena. Watiri aliipeleka maabara, akampa Mzee Hezekiah kalamu.

Mzee aliiweka kalamu kando. Alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza juu kabisa na kidole chake chenye mafuta, akasoma tarakimu ya kwanza, kisha ya pili, kisha ya tatu. Watiri alisimama akingoja.