Zizi na Ufa

Mkalimani wa kiwanda, dada ambaye wenzake walimbandika jina la Kamusi, alikuwa ameshaifuta nahau moja kwenye hotuba ya mkurugenzi Mchina: ile ya mzee aliyepotelewa na farasi, kumbe hasara ikageuka heri. Huwezi kumwambia hivyo mtu aliyefiwa. Ukuta wa ghala ulikuwa umewaangukia vibarua watatu, na kesho yake ndugu zao walikuwa wanakuja kupewa pole.

Ilibaki nahau moja, herufi nne tu za Kichina: poteza, kondoo, tengeneza, zizi. Mchungaji kapoteza kondoo, akaziba tundu la zizi, hakupoteza mwingine tena. Yaani, kosa limeshatokea, lakini hujachelewa kurekebisha.

"Weka ile methali ya ufa na ukuta," alisema msemaji wa kiwanda, akitafuna karanga.

"Bosi, zinafanana sura tu. Ya Kichina inamtia moyo aliyekwisha kukosea. Yetu inamsuta aliyeuona ufa akanyamaza. Na hawa wamekufa kwa ukuta! Tuseme tu tutarekebisha, basi."

"Mkurugenzi anataka kila nahau yake ipate methali. Wewe dada ni mdomo. Tangu lini mdomo ukafikiri?"

Kamusi akaiandika.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Mkurugenzi alizitamka herufi zake nne polepole, kwa upole kabisa. Kamusi akasoma methali: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mama mmoja wa mstari wa mbele akainuka. Mwanawe ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote waliokufa.

"Kwa hiyo ufa mliuona," alisema. "Mwanangu aliniambia upo. Nikamjibu, baba, nenda tu kazini, wakubwa wanajua. Mlijua?"

Mkurugenzi akamgeukia Kamusi, akisubiri. Msemaji akamsogelea mkalimani sikioni.

"Mwambie anashukuru."

Maneno yote ya swali lile Kamusi alikuwa nayo kwa Kichina. Yalikuwa mepesi, hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyaweza. Alimtazama yule mama, kisha akamtazama msemaji. Akafungua kinywa, akasema mama anashukuru.

Macho ya mkurugenzi yakalengwa na machozi. Alishuka jukwaani, akaushika mkono wa mama kwa mikono yake miwili, akainama mpaka kiunoni. Msemaji akaanza kupiga makofi. Wafanyakazi waliosimama ukutani wakamfuata, kwanza mmoja mmoja, halafu wote.

"Mbona ananiinamia?" mama aliuliza, mkono ungali umeshikwa. "Mwanangu, wewe wa kipaza sauti, umemwambia nini huyu?"

Kamusi akafunua ukurasa, akaanza kusoma aya inayofuata.